Sura ya 6: Chanjo, Maji ya Bomba na Maneno 650

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaoomba kusoma Marekani hukutana na fomu ya Common App, ambayo humpa mwombaji orodha ya maswali achague moja na kulijibu kwa insha isiyozidi maneno 650. Swali mojawapo humtaka asimulie wakati alipokabiliwa na changamoto, kikwazo au kushindwa, kisha aeleze jambo hilo lilimwathiri vipi na alijifunza nini. Swali la aina hiyo hujitokeza pia kwenye usaili wa ufadhili wa masomo, likiulizwa ana kwa ana, na pale mwombaji hana muda wa kulipamba jibu lake.

Mwombaji aliyepita kwenye shule zetu huingia katika swali hili akiwa na mazoea ya miaka mingi yanayomvuta upande mwingine. Tangu darasa la kwanza, kushindwa kwake kumekuwa jambo la kubandikwa ukutani pamoja na nafasi aliyoshika. Barua za kuomba nafasi alizofundishwa kuandika zilijaa sifa. Sasa mtu asiyemjua anamwomba aeleze alipokosea, na juu ya jibu hilo kuna ada ya miaka minne. Wengi hufanya kinachoonekana salama: hutaja kosa dogo lisilo na uzito, kama vile kujituma kupita kiasi, au hutaja msiba uliowapata.

Hilo la msiba linahitaji kusemwa waziwazi, kwa sababu huumiza waombaji wengi wazuri. Kufiwa na mzazi, kukosa ada au kuugua mwaka wa mtihani si kushindwa kwa mwombaji. Ni mambo yaliyomkuta, na yana mahali pake. Ashinaga ya Japani, kwa mfano, ina mpango wa ufadhili kwa vijana wa Afrika waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na huko habari hiyo ndiyo msingi wa maombi. Hata swali la Common App linaruhusu kusimulia changamoto ya namna hiyo. Lakini mwombaji akiamua kuandika kuhusu kushindwa, msomaji atatafuta kitu kimoja ndani ya kila sentensi, nacho ni uamuzi ambao mwombaji mwenyewe aliufanya ukaenda vibaya. Asipouona, insha yote iliyobaki haina pa kusimama.

Njia ya kuupata uamuzi huo huanza na orodha. Mwaka 2010, mwanasayansi Melanie Stefan aliandika katika jarida la Nature akiwashauri watafiti watunze wasifu wa mambo waliyoshindwa, sambamba na ule wa mafanikio. Mwaka 2016, Johannes Haushofer, mchumi aliyekuwa wakati huo Chuo Kikuu cha Princeton na aliyefanya utafiti kuhusu kaya maskini za Rarieda, magharibi mwa Kenya, zilizopewa fedha taslimu bila masharti, alichapisha wasifu wake wa aina hiyo. Ulikuwa na vyuo vilivyomkataa, ufadhili alioukosa na makala zilizorudishwa, na ulisomwa na watu wengi mno. Mwombaji anaweza kujitengenezea orodha yake kwa jioni moja. Ila orodha ya Haushofer inaonyesha pia mpaka wake: mambo mengi yaliyomo ni milango iliyofungwa na watu wengine. Kunyimwa nafasi ni matokeo, na nyuma ya tokeo lolote huenda kulikuwa na kosa la mwombaji au hakukuwa nalo. Katika orodha yake, mwombaji aweke alama kwenye yale tu ambayo anaweza kuyamalizia kwa maneno haya: “Niliamua kufanya hivi, na ningeweza kuamua vingine.”

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya sura hii, lakini mambo ya kuku na ya maabara yaliyomo ni ya kweli. Mwombaji ni msichana wa kidato cha sita, tahasusi ya CBG, katika shule ya bweni ya Nyanda za Juu Kusini. Ni mwenyekiti wa mradi wa kuku wa wanafunzi. Wanachama 20 walichanga shilingi 10,000 kila mmoja, wakanunua vifaranga 80. Vifaranga hao walipofika wiki ya tano walianza kuzubaa, kuharisha kinyesi cha kijani na kupinda shingo. Walikufa 62. Afisa mifugo wa kata alipofika alisema ni kideri.

Rasimu ya kwanza ya insha yake ilikuwa na kipande hiki:

“Kushindwa ni sehemu ya maisha. Nilipokuwa kidato cha tano, mradi wetu wa kuku ulikumbwa na ugonjwa hatari na kuku wengi walikufa. Nililia sana na nilijiona sifai. Hata hivyo sikukata tamaa. Tulianza upya, na leo mradi wetu unafanya vizuri. Nilijifunza kwamba bidii na uvumilivu ndio ufunguo wa mafanikio.”

Hakuna sentensi ya uongo hapo, na bado kipande chote hakimwambii msomaji chochote. Mradi “ulikumbwa,” kana kwamba ugonjwa ulipita barabarani ukaamua kuingia. Machozi yametajwa, sababu haikutajwa. Kuna jaribio rahisi la kupima somo kama hili: funika hadithi kwa kiganja, usome sentensi ya somo peke yake, kisha ujiulize kama mtu anaweza kukisia hadithi iliyofunikwa. Bidii na uvumilivu vinaweza kufuata kuku waliokufa, mechi iliyopotea, mtihani wa marudio au biashara ya maandazi iliyofilisika. Somo linaloingia kila mahali halikuzaliwa na tukio hili. Lilikuwa tayari kichwani mwa mwandishi kabla kuku hata mmoja hajaugua, na msomaji wa kamati, ambaye siku hiyo ameshalikuta kwenye insha nyingine kadhaa, analitambua mara moja.

Kinachosaidia hapo ni maswali ya mtu mwingine. Mwalimu aliyesoma rasimu hiyo hakusahihisha lugha. Aliuliza.

“Chanjo ilichanganywa na nani?”

“Na mimi, Mwalimu. Ya siku ya 7 na ya siku ya 21, zote.”

“Kwa maji gani?”

“Ya bomba.”

“Bwana mifugo alikuambia utumie ya bomba?”

“Hapana, Mwalimu. Alisema ya kisima. Lakini kisima kiko bondeni, na nilikuwa nawahi prepu. Niliona maji ni maji.”

Insha ilikuwa imejificha katika jibu hilo la mwisho. Chanjo ya kideri inayonyweshwa vifaranga mara nyingi ni chanjo hai: ndani ya kichupa mna virusi dhaifu, na ni lazima wafike mwilini mwa kifaranga wakiwa hai ili kinga ijengeke. Klorini inayotiwa kwenye tangi la shule ili kuua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo haibagui. Huwaua na virusi wa chanjo. Ndiyo maana wataalamu husisitiza maji yasiyotiwa dawa, na penye maji ya bomba pekee hushauri yatiwe kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta ili kuipunguzia makali klorini. Msichana huyu aliambiwa atumie maji ya kisima. Hakuambiwa kwa nini, na hakuuliza. Alipochoka, akalibadilisha agizo ambalo hakujua lilikuwa linalinda nini.

Somo limejitokeza lenyewe, na ni moja: kabla ya kubadilisha agizo, uliza sababu yake. Ukilifunika tukio na kusoma sentensi hiyo, huwezi kukisia kuku, lakini unaweza kukisia umbo la tukio. Kuna mtu alipewa maelekezo, akayapindua bila kuyaelewa, na kitu kikaharibika. Kiasi hicho kinatosha. Sentensi yenyewe inakuwa na uzito pale msomaji anapoona tangi, kisima cha bondeni na kengele ya prepu.

Kuna kishawishi cha kuongeza masomo mengine. Alijifunza pia kuwaomba radhi wanachama, kutunza fedha za watu, kushirikiana na wataalamu, na yote ni kweli. Lakini insha ya maneno 650 ikibeba masomo manne, kila moja litapata sentensi mbili na hakuna litakalothibitishwa. Mwandishi achague lile analoweza kulionyesha likifanya kazi baadaye, mengine ayaache. Kuyaacha kunauma, hasa lile la kuomba radhi, kwa sababu ndilo lililomgharimu zaidi. Hata hivyo linaweza kubaki kama tendo katika sentensi moja ya simulizi, bila kuitwa somo.

Rasimu ya pili ilikuwa na kipande hiki:

“Bwana mifugo aliniagiza nichanganye chanjo kwa maji ya kisima. Kisima kiko bondeni, na kengele ya prepu ilikuwa inakaribia kulia. Nilichota maji ya bomba. Wiki mbili baada ya chanjo ya pili, vifaranga 62 kati ya 80 walikufa kwa kideri. Bwana mifugo aliponiuliza nilitumia maji gani, nilimjibu, naye akanieleza kwamba klorini ya tangi letu huua chanjo. Hakuweza kuthibitisha kwamba maji ndiyo chanzo pekee. Mimi nilijua jambo moja kwa hakika: nilibadilisha agizo ambalo sikujua sababu yake, na sikumwambia mtu. Jioni hiyo niliwaeleza wanachama 20 waliochanga fedha zao.”

Vitenzi vimebadilika. Nilichota, nilibadilisha, sikumwambia: mtendaji ni yeye. Machozi yameondoka na hakuna atakayeyakosa, kwa sababu msomaji anayaona mwenyewe kwenye hesabu ya 62 kati ya 80. Jambo la thamani zaidi, hata hivyo, ni sentensi inayosema kwamba bwana mifugo hakuweza kuthibitisha. Mwandishi wa haraka angeifuta ili kosa lake lionekane kubwa na somo lionekane kali. Lakini kuku waliougua hawakupimwa maabara kuona kama walikuwa na kinga. Huenda kichupa kilipata joto njiani, maana chanjo nyingi za aina hii hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Kubeba lawama kubwa kuliko ushahidi unavyoonyesha ni kutia chumvi, na mtu anayesoma maombi ya sayansi atalitambua hilo. Somo la msichana huyu halitegemei jibu la maabara. Lingekuwa kweli hata kama maji hayakuwa na hatia, kwa kuwa kosa lake lilikuwa kugeuza kitu asichokielewa.

Baada ya kosa na somo inakuja sehemu ambayo waombaji wengi huiruka, nayo ndiyo inayoonyesha kukua. Katika rasimu ya kwanza ilikuwa sentensi moja: “Tulianza upya, na leo mradi wetu unafanya vizuri.” Mradi unaweza kufanya vizuri kwa bahati, au kwa kuwa safari hii kideri hakikupita kijijini. Idadi ya kuku walio hai haithibitishi kwamba mwenyekiti amebadilika. Kinachothibitisha ni tabia mpya inayoonekana kwa macho, na ionekane mara mbili. Mara ya kwanza iwe palepale penye kosa, na mara ya pili iwe mahali pengine kabisa ambapo hakuna aliyemkumbusha.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye banda. Kundi la pili la vifaranga lilipokuja, alimrudia bwana mifugo na daftari, akamuuliza sababu ya kila agizo. Kisha akagongomelea karatasi ngumu mlangoni mwa banda, maagizo upande wa kushoto na sababu upande wa kulia. Penye agizo la kutumia maji ya kisima, sababu ilikuwa kwamba klorini huua chanjo. Penye agizo la kuwanyima vifaranga maji kwa saa moja kabla ya chanjo, sababu ilikuwa kwamba wakiwa na kiu watayamaliza mapema, kabla chanjo haijapoteza nguvu. Wanachama wapya wa kidato cha tano waliikuta karatasi hiyo na kuitumia bila yeye kuwapo. Huo ni ushahidi mzuri, maana mtu mwingine anaweza kusema ameuona.

Mara ya pili ilikuwa katika maabara ya kemia, na hapa ndipo insha ilipopata uhai. Katika jaribio la kupima ukolezi wa asidi, wanafunzi huagizwa kuisuuza bureti kwa maji safi, kisha kwa kimiminika kilekile kitakachotiwa ndani yake, wakati chupa ya koni husuuzwa kwa maji tu. Wenzake waliruka hatua ya kusuuza kwa kimiminika, wakisema ni kupoteza asidi. Yeye alimuuliza mwalimu tofauti inatoka wapi. Akaelezwa kwamba matone ya maji yaliyobaki ndani ya bureti huizimua asidi na kuvuruga kipimo, lakini maji yakibaki kwenye chupa ya koni hayana madhara, kwa kuwa kiasi cha kemikali kilichopimwa kwa pipeti na kutiwa humo hakiongezeki wala kupungua. Katika insha, mkasa huu ulichukua maneno yasiyofika 100. Haukuwa na kifo wala hasara, na mwombaji alitaka kuufuta kwa kuona ni mdogo mno kwa kamati ya ufadhili.

Udogo wake ndio uliomfaa. Banda lilikuwa na hofu ya aibu ya pili, na mtu yeyote aliyepoteza kuku 62 angekuwa mwangalifu kwenye kundi linalofuata. Maabara haikuwa na hofu hiyo. Aliyeuliza pale aliuliza kwa sababu swali limekuwa tabia yake. Msomaji wa kamati anajaribu kukisia mwombaji huyu atafanya nini kwenye maabara asiyoijua, katika nchi asiyoijua, chini ya msimamizi atakayempa utaratibu wa kurasa kumi. Bureti inamjibu vizuri kuliko banda.

Ugawaji wa maneno nao ulipinduka. Rasimu ya kwanza ilitumia zaidi ya maneno 400 kueleza historia ya mradi, umuhimu wa kilimo na huzuni ya kifo cha kuku, ikabakiza aya fupi ya somo. Ya mwisho ilitumia kama 180 kwa kosa lenyewe, 130 kwa sababu na somo, na zaidi ya 200 kwa banda la pili na maabara. Yaliyobaki yalikwenda kwenye masomo anayoyaomba, yaani sayansi ya mifugo, na swali analotaka kulifuatilia: kwa nini wafugaji wadogo huacha baadhi ya hatua za chanjo, na kama maelekezo yenye sababu yangewasaidia kuzifuata. Si sheria ya hesabu. Lakini mwandishi akikuta nusu ya insha imekwisha na kosa bado halijatokea, apunguze mwanzo bila huruma.

Rasimu ya mwisho huandikwa kwa Kiingereza, na hatari ya lugha hiyo kwa mwanafunzi wetu ni misemo ya darasani aliyoikariri kwa ajili ya insha za mtihani. Huja yenyewe, hasa kwenye mstari wa kwanza na wa mwisho. Dawa yake ni kusimulia tukio lote kwa mdomo, kwa Kiswahili, mbele ya mtu asiyelijua, huku mwingine akiandika. Katika mazungumzo hakuna mtu anayeanza kwa kusema kushindwa ni sehemu ya maisha. Huanza na kisima.

Kuna makosa yasiyofaa kwa insha hii hata yakisimuliwa kwa unyofu. Kosa la jana halifai, kwa sababu tabia mpya haijapata muda wa kuonekana. Udanganyifu wa mtihani ni mgumu mno kuubeba kwa maneno 650, na ukiwa umeleta adhabu, baadhi ya vyuo vina sehemu yake ya kuuelezea katika maombi. Matokeo mabaya ya somo fulani yanaweza kutumika, lakini kwa uangalifu: cheti kiko mezani pamoja na insha, na maelezo yoyote yanayopingana na alama zilizopo yataonekana. Mwombaji anayesema alibadili namna ya kusoma fizikia baada ya kuanguka muhula wa kwanza, kisha alama za fizikia zikabaki palepale, anahitaji hadithi nyingine.

Barua ya mwalimu nayo huwekwa juu ya meza hiyohiyo. Msichana wa mfano wetu alimpelekea mwalimu wa kemia rasimu yake wiki tatu kabla ya mwisho wa maombi, akimwomba aandike alichokiona mwenyewe tu. Mwalimu hakuwa ameishuhudia habari ya banda na hakuigusa. Aliandika juu ya mwanafunzi ambaye, kabla ya kila jaribio, huandika pembeni mwa daftari sababu ya kila hatua, na akataja siku ya bureti kwa tarehe yake.